Kilichochelewesha chanjo yangu hakikuwa yai

Sili yai tangu nilipokuwa na umri wa miaka 4. Nikilionja, hata likiwa limejificha ndani ya keki, midomo huvimba na mabaka yanayowasha hunitoka shingoni kabla sijamaliza kutafuna. Nilipokuwa na miaka 19 kifua kilibana kabisa nikadungwa adrenalini. Kwa hiyo kila nilipokwenda kuchanjwa dhidi ya mafua makali niliandika kwenye fomu kwamba nina mzio wa yai, na kila mara nilirudishwa nyumbani bila chanjo. Sikubisha, kwa kuwa hata karatasi iliyomo ndani ya boksi la chanjo ilitoa onyo hilo, na nyingi za karatasi hizo zinalitoa hadi leo.

Aliyenitoa huko ni daktari wa mzio niliyemwendea kwa jambo jingine. Alinieleza kwamba virusi vya chanjo nyingi za mafua huzalishwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete, kisha huuawa na kusafishwa, na kinachobaki cha yai ni chembe tu. Dozi ya mililita 0.5 kwa kawaida huwa na chini ya mikrogramu 1 ya ovalbumini, protini kuu ya ute wa yai, ilhali yai moja zima lina karibu gramu 2 za protini hiyohiyo. Nilipiga hesabu pale pale mezani kwake: tofauti ni zaidi ya mara milioni. Akaongeza kwamba tangu msimu wa 2023 hadi 2024, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, imependekeza mwenye mzio wa yai achanjwe kwa chanjo yoyote ya mafua inayofaa umri na afya yake, bila tahadhari ya ziada kuliko anayopewa mtu mwingine yeyote. Ziko pia chanjo zisizopitia kwenye yai hata kidogo, kwa anayekosa amani. Alinionya jambo moja, nami naliona ni la maana kuliko yote: ruhusa hiyo haihusu chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo hutengenezwa kwa mayai, na ambayo mtu wa aina yangu haipati kabla ya kuonwa na mtaalamu wa mzio.

Nikaenda kuchanjwa nikiwa na barua yake mkononi. Muuguzi aliisoma, akaikunja, akanipima joto: nyuzi 38.7.

“Dada, leo sikuchanji,” alisema. “Si kwa ajili ya yai.”

Nilikasirika kidogo, nakiri. Alinifafanulia kwamba chanjo isingenidhuru zaidi kwa sababu ya homa, ila joto likipanda usiku ule au nikaishiwa nguvu, hakuna ambaye angejua kama ni ugonjwa niliokuja nao au ni chanjo, na pengine ningeandikiwa bure maisha yangu yote kwamba chanjo hiyo hainifai. Mafua mepesi ya pua kutiririka bila homa hayamzuii mtu; anayeahirishiwa ni yule aliyeugua kwa kiasi cha kati au vibaya, hadi apate nafuu.

Nilirudi baada ya siku 9. Safari hii aliuliza maswali mawili ambayo fomu za zamani ziliyaweka chini kabisa, ilhali yalistahili kuwa juu: je, nimewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo yenyewe ya mafua, na je, ndani ya wiki 6 baada ya chanjo hiyo nimewahi kupatwa na udhaifu wa miguu unaopanda juu, yaani ugonjwa wa Guillain-Barré? Jibu la ndiyo kwa swali la kwanza lingeifunga chanjo ya aina hiyo kwangu. Kwa la pili, lingemfanya daktari apime kwanza faida na hatari. Kwangu yote yalikuwa hapana.

Baada ya sindano nilikaa kwenye benchi dakika 15. Dakika ya sita mkono ulianza kuwasha, moyo ukaenda mbio. Muuguzi alipandisha mkono wa blauzi, akaona wekundu uliozunguka tundu la sindano tu, kisha akanitazama shingo, midomo na ulimi, akasikiliza pumzi. Mzio mkali, alisema, kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache na hauishii pale ulipochomwa: ngozi ya mbali huvimba, pumzi hukwama, tumbo huchafuka au mtu huzirai. Kesho yake bega liliuma na joto likafika 37.6; siku ya pili vyote viliisha.

Mwaka uliofuata fomu iliuliza tena kuhusu yai. Niliandika ndiyo, na pembeni nikaongeza tarehe ya chanjo iliyopita na maneno “haikuniletea mzio”. Muuguzi mwingine aliisoma mara moja, akaniambia nipandishe mkono wa blauzi.