Siku yangu Kawangware: kitovu cha mtoto na ngozi inayokizunguka

Saa mbili asubuhi. Nakagua begi kabla ya kutoka: kipimajoto, sabuni, fomu za rufaa. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Kawangware, na leo nawatembelea watoto wachanga.

Saa tatu. Mtoto wa kwanza ana siku sita. Mama yake alipewa jeli ya klorheksidini, ya kuua vidudu, hospitalini alipojifungua, na anaipaka vizuri: ananawa mikono, anafinya jeli juu ya kitovu na pale kinaposhikana na tumbo, kisha anaacha ikauke. Mara moja kwa siku, kwa siku saba. Diapa anaikunja chini ya kitovu, mkojo usikifikie. Namkumbusha jambo moja tu: tyubu hiyo iwekwe mbali na dawa yoyote ya macho, kwa maana wako watoto walioumia vibaya macho baada ya klorheksidini kudhaniwa ni dawa ya macho.

Anauliza mbona kitovu cha mtoto wa jirani kilianguka siku ya tano na hiki bado kimeng'ang'ania. Namweleza kwamba jeli yenyewe hukichelewesha kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu: wakiona kimechelewa, wanaongeza spiriti, poda au majivu.

Saa tano. Nyumba ya pili nimekaa karibu saa nzima. Mtoto wa siku sita, amezaliwa nyumbani. Shosho ndiye anayemshika. "Daktari, kitovu kinanuka, nimekitia poda kikauke."

Kunuka kidogo pekee hakunitishi. Kitovu kinachooza ili kianguke huwa na unyevunyevu na harufu kidogo, pengine na tone la damu. Ninachokitazama ni ngozi inayokizunguka. Namwomba mama amlaze karibu na mlango kwenye mwanga, nafuta poda taratibu kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Chini yake kuna usaha wa manjano. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi kama kwenye picha za mabango, kwa hiyo natumia mkono: nagusa pembeni ya kitovu, kisha paja. Pembeni kuna joto zaidi, ngozi imevimba, imekaza na kung'aa, na rangi imeiva kuliko tumbo lote, upana kama wa vidole viwili. Nikigusa tu, mtoto analia. Kipimajoto cha kwapani kinasoma 38.2, kuanzia 37.5 kwa mtoto wa umri huu ni hatari tayari. Mama anasema tangu usiku ananyonya kidogo na kulala.

"Si tumpe dawa ya kupaka tungoje kesho?" shosho anauliza.

"Hapana, shosho. Mishipa iliyo ndani ya kitovu haijafunga kabisa. Vidudu vikiingia humo vinafika kwenye ini na damuni upesi, na mtoto mdogo hivi anaweza kuzidiwa kabla ya kesho. Anahitaji sindano za antibiotiki hospitalini leo."

Najaza fomu. Mama anamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, asipate baridi njiani, na namwambia amnyonyeshe wakiwa safarini kama atakubali. Shosho hakubisha tena. Ndiye aliyetoa nauli.

Saa nane. Simu kutoka kwa mama mwingine, analia: mtoto anashtuka, anarusha mikono, jirani amesema ni pepopunda. Namuuliza maswali mawili. Ananyonya? Ndiyo, sasa hivi. Akishtuka mikono inafunguka kisha inalegea? Ndiyo. Huo ni mshtuko wa kawaida wa mtoto mchanga.

Pepopunda ina mwendo wake. Mtoto hulia na kunyonya vizuri siku mbili za mwanzo, halafu kuanzia siku ya tatu hadi ya 28 anashindwa kunyonya. Taya limebana, titi haliingii. Ngumi zimefungwa, mgongo unapinda nyuma, mwili umekakamaa, na mguso au kelele kidogo tu humletea mkazo mwingine. Hapo hakuna kupiga simu ya kuuliza. Ni hospitali moja kwa moja.

Saa kumi. Mama wa asubuhi amepiga: mtoto amelazwa, ameanzishwa ampisilini na jentamaisini.

Saa kumi na moja. Naandika rejista. Kuna mama mwenye mimba ya kwanza, wiki ya 30, aliyechomwa sindano moja tu ya pepopunda. Ya pili huja baada ya wiki nne, na ni lazima ipite angalau wiki mbili kabla ya kujifungua, ndipo kinga ya mama impitie mtoto vya kutosha. Kijitabu chake kinaonyesha wiki nne zilitimia juzi. Nimemtumia ujumbe: kesho asubuhi tunaenda kliniki pamoja.