Kaya 240 zilizogeuka kuwa ploti 48

Kikundi chetu cha maji hapa Nyalenda, Kisumu, kilitaka kwenda kwenye kikao cha wadi na jibu la swali moja: ni kaya ngapi ambazo bomba lao hutoa maji chini ya siku tatu kwa wiki? Kelele tulikuwa nazo za kutosha, namba hatukuwa nayo. Nikapewa mimi kazi hiyo, kwa sababu ndiye katibu na ndiye mwenye kompyuta.

Tulitembea eneo letu lote tukaorodhesha ploti 110 zenye mabomba, ndani yake kaya 620. Kisha nikafungua lahajedwali nikatengeneza kikokotoo kidogo:

```
B1  1.96
B2  0.5
B3  0.05
B4  620
B5  =B1^2*B2*(1-B2)/B3^2
B6  =ROUNDUP(B5/(1+(B5-1)/B4),0)
```

B1 ni ile 1.96 inayoendana na uhakika wa asilimia 95. B2 ni sehemu ya watu unaodhani watajibu "ndiyo". Usipojua unaweka nusu, kwa kuwa nusu ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote, kwa hiyo haitakupunja. B3 ni kiwango cha kosa unachokubali, na hapa nilikwama kwa muda kwa kuandika 5 badala ya 0.05. Kikokotoo kikaniambia nihoji kaya moja tu! Angalau kosa la namna hiyo hujitangaza lenyewe.

B5 hutoa 384, namba ambayo kila aliyewahi kufanya utafiti wa mtaani ameisikia. Wengi huishia hapo. Lakini 384 ni ya mji mkubwa, mahali ambapo sampuli yako ni tone ndani ya ziwa. Sisi tulikuwa na kaya 620 tu. Ukishahoji theluthi moja ya watu wote, usilolijua limebaki kwenye theluthi mbili, na ukiwahoji wote 620 hakuna tena kosa la sampuli. Ndiyo kazi ya B6: huishusha 384 hadi 238. Eneo lingekuwa na kaya 50,000, mstari huohuo ungetoa 382, yaani marekebisho yasingekuwa na maana yoyote.

Kaya 238 ni mzigo tunaouweza. Vijana wanne, Jumamosi mbili. Ili wasizunguke sana juani, nikaamua tupige kura ya ploti, halafu katika kila ploti itakayotoka wahoji kaya tano hivi. Tukaingia ploti 48, tukarudi na fomu 240. Nikajipongeza: asilimia 5 juu, asilimia 5 chini, kazi imekwisha.

Aliyenizindua ni mwalimu mstaafu wa hisabati anayekaa jirani. Nilimpelekea fomu azipitie. Hakugusa kikokotoo kabisa. Alizipanga fomu mezani kwa namba za ploti, akaanza kusoma kwa sauti: "Hapana, hapana, hapana, hapana, hapana. Ploti nyingine: ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo." Akanitazama. "Mwanangu, hawa watu wanachota kwenye bomba moja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Bomba liko katikati ya uwanja."

"Basi umemuuliza mtu mmoja mara tano."

Ukweli ndio huo. Kati ya ploti 48, ploti 43 zilikuwa na majibu yanayofanana kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Fomula niliyotumia inadhani kila jibu jipya linakuletea habari mpya, kana kwamba umechukua kaya mojamoja kutoka kila pembe ya orodha. Sisi tulichukua mafungu. Nikitaka kujua kaya ya tano itasema nini, ningeisoma fomu ya kwanza.

Kuna njia ya kuliingiza jambo hili kwenye kikokotoo. Unachukua idadi ya kaya ulizohoji katika kila ploti, unatoa moja, unazidisha kwa kiwango cha kufanana kwa majibu (0 yanafanana kwa bahati tu, 1 yanafanana kabisa), kisha unajumlisha moja. Kwa majibu yetu kufanana kulikuwa kama 0.9, kwa hiyo: 1 + 4 × 0.9 = 4.6. Gawanya 240 kwa 4.6 upate 52. Fomu zetu 240 zilikuwa na uzito wa kaya 52 hivi, karibu sawa na zile ploti 48. Na nilipozidisha 238 kwa 4.6 ili nijue kaya ngapi zingetosha, nikapata 1,095, katika eneo lenye kaya 620. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kikokotoo kikidai watu wengi kuliko waliopo, kinakuambia kwamba unahesabu kitu ambacho sicho.

Kitu cha kuhesabu kilikuwa ploti. Nikabadilisha B4 kuwa 110, B6 ikasema 86. Kiwango halisi cha kosa hukokotolewa hivi, B7 ikiwa idadi ya waliojibu kweli:

```
=B1*SQRT(B2*(1-B2)/B7*(B4-B7)/(B4-1))
```

Nilipoweka 48 kwenye B7, jibu likawa 0.107. Asilimia 11 kila upande! Nami nilikuwa tayari kusimama mbele ya watu na kusema 5.

Zile ploti 48 za mwanzo zilikuwa zimetoka kwa kura, kwa hiyo hatukuzitupa. Tuliandika namba za ploti 62 zilizobaki kwenye vikaratasi, tukavichanganya ndani ya karai, tukachomoa 38. Safari hii swali lilikuwa la bomba la ploti, na tulimuuliza mpangaji mmoja. Jumamosi moja ikatosha, nauli ikabaki.

Hata hivyo geti saba hazikufunguliwa, ingawa tulirudi mara tatu. Kubadilisha ploti iliyofungwa kwa ya jirani kunavutia, lakini hapo unakuwa umechagua walio tayari kuzungumza. Tuliziacha wazi. Kwa ploti 79 zilizojibu, kiwango cha kosa ni asilimia 5.9. Ploti 54 zilisema maji hutoka chini ya siku tatu, yaani asilimia 68. Zile saba fomula haizioni, kwa hiyo nikazihesabu kwa mkono: kama zote zina maji, ni 54 kati ya 86, asilimia 63, kama zote hazina, ni 61, asilimia 71.

Chini ya jedwali la kikao niliandika tuliyoyachukulia kuwa kweli: uhakika ni asilimia 95, orodha ni ya ploti zenye bomba katika eneo letu tu, ploti 110, zilichaguliwa kwa kura, saba hazikujibu, asilimia ni ya ploti, si ya watu, kwa maana ploti ya milango mitatu na ya milango kumi na miwili zimehesabiwa sawa.

Ofisa mmoja alisoma ile 68, akauliza kama anaweza kuiandika kwa Nyalenda nzima. Nikamwonyesha mstari wa orodha. Akachukua kalamu, akaandika "ploti 110" pembeni ya namba, tukaendelea.