Nilivyoishusha CV ya mpwa wangu hadi ukurasa mmoja

CV nyingi zinazofika mezani kwangu zimechapwa saiba. Nafanya kazi katika ofisi ya klearing hapa Mombasa, tunawatolea wateja mizigo bandarini, na kila tunapotafuta karani, maombi hunipitia mimi kabla hayajamfikia meneja. Mtindo nimeuzoea: namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, sanduku la posta la babake, kisha shule ya msingi. Kazi aliyowahi kufanya mtu huyo naikuta ukurasa wa tatu, na siku yenye bahasha nyingi siufikii ukurasa huo.

Ndiyo maana mpwa wangu alipokuja nyumbani na CV yake ya kurasa nne, sikushangaa aliponiambia, "Mjomba, nimepeleka kila mahali, Shimanzi mpaka Changamwe, hakuna hata anayepiga simu." Kijana ana diploma, ana uzoefu wa kazi ya forodha, na ni mchapakazi. Nilimwambia alete kompyuta tuketi.

Watu hudhani tatizo ni urefu. Urefu hupungua wenyewe ukishaondoa kosa moja, nalo ni kunakili majukumu. Chini ya kazi yake ya mwisho alikuwa ameandika: "Nilihusika na uandaaji wa nyaraka za forodha. Nilihusika na ufuatiliaji wa mizigo bandarini. Nilihusika na kuwahudumia wateja. Majukumu mengine kama nitakavyoagizwa na mkuu wangu." Hiyo sentensi ya mwisho imetoka moja kwa moja kwenye barua yake ya ajira, hata "nitakavyoagizwa" haikubadilishwa. Zote zilikuwa zimetoka humo. (CV zetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini nazieleza hapa kwa Kiswahili.)

Majukumu ya barua ya ajira yanaeleza kiti, hayamwelezi aliyekikalia. Karani aliyefukuzwa kwa uvivu na karani aliyekuwa tegemeo la ofisi wanaweza kuandika maneno yale yale, na mimi ninayesoma sina njia ya kuwatofautisha. Sijui kama huyu alishughulikia kontena mbili kwa mwezi au arubaini. Sijui kama alipewa mizigo migumu au alikuwa akibeba faili tu kutoka ofisi hadi ofisi.

Tukaanza na jukumu la kwanza. Nikamuuliza, "Kwa mwezi ulikuwa ukifanya maingizo mangapi ya forodha?"

"Mengi tu, mjomba."

"Mengi ni mangapi?"

Hakujua, na wengi hawajui, kwa sababu hakuna anayehesabu kazi yake akiifanya. Lakini hesabu huwa imelala mahali. Kwake ilikuwa kwenye simu: kila alipomaliza ingizo, alimtumia mteja picha ya namba yake kwa WhatsApp. Tukachagua miezi miwili ya kawaida, si ile yenye msongamano, tukahesabu picha. Mmoja ulikuwa na 31, mwingine 24. Kwa aliyefanya kazi hotelini hesabu iko kwenye ratiba ya vyumba, kwa muuza duka iko kwenye daftari la jioni au taarifa za M-Pesa.

Swali la pili lilikuwa mizigo gani. Akasema vipuri vya magari vilivyotumika kutoka Japani, na marobota ya mitumba. Hapo nilifurahi, kwa sababu kila mtu wa klearing anajua kontena la vipuri vilivyochanganywa lina vitu chungu nzima vya kuorodhesha na kuthaminisha, na hukaguliwa kwa makini. Lile jukumu la kwanza likageuka hivi:

"Niliandaa maingizo ya forodha 24 hadi 31 kwa mwezi kwenye mfumo wa iCMS, mengi yakiwa ya vipuri vya magari vilivyotumika na mitumba."

Mstari mmoja, na mwajiri ameshajua kiasi, chombo na aina ya mzigo. "Nilihusika" limeondoka, kitenzi cha kazi yenyewe kimekaa mahali pake.

Swali la tatu huwa gumu kuliko yote: ulipokuwepo, kilibadilika nini? Alinyamaza kwa muda. Mwishowe akakumbuka kwamba wateja wao walikuwa wakilalamikia gharama za kuhifadhi kontena bandarini baada ya siku za bure kwisha, mara nyingi kwa sababu oda ya kutoa mzigo ilichelewa kuchukuliwa kwa wakala wa meli. Yeye alianza kuandika ubaoni kila asubuhi kontena zinazokaribia kumaliza siku hizo, na meneja akawa anapanga malori kwa kufuata ubao huo.

Kisha akaandika: "Nilipunguza gharama za hifadhi kwa asilimia 40." Nikamuuliza arubaini ameitoa wapi. Ameiona kwenye CV ya mtu mwingine. Tukaifuta palepale. Mimi nikiwa upande wa pili wa meza, namba ya namna hiyo ndiyo ya kwanza nitakayoiulizia, na asiyeweza kueleza jinsi alivyoipata hupoteza hata zile namba zake za kweli. Kipimo nilichompa ni kwamba kila mstari uwe na kisa anachoweza kukisimulia kwa dakika mbili bila kubabaika. Tukaandika kile kinachoweza kuthibitishwa na meneja wake wa zamani: "Nilianzisha orodha ya kila asubuhi ya kontena zinazokaribia kumaliza siku za bure bandarini, meneja aliitumia kupanga malori." Hakuna asilimia humo, na bado ni mstari wenye nguvu kuliko yote katika CV ile.

"Majukumu mengine kama nitakavyoagizwa" tuliifuta bila mjadala.

Baada ya hapo kuipunguza ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ya karibuni zaidi ilipewa mistari minne, ile ya zamani miwili. Shule ya msingi ikaondoka. Matokeo ya KCSE yalibaki kwa mstari mmoja, kwa sababu matangazo mengi ya kazi hapa kwetu hutaja gredi ya chini inayokubalika, na asiyeiandika anaweza kuwekwa kando. Dini na hali ya ndoa ziliondoka pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa mambo hayo, hivyo hayana kazi yoyote kwenye karatasi. Namba ya kitambulisho niliitoa kwa sababu nyingine kabisa: CV huzagaa, hupita saiba, hupita kwenye simu za watu usiowajua, na mwajiri atakihitaji kitambulisho akishakuajiri, si kabla.

Wadhamini watatu pamoja na namba zao za simu walikula robo ukurasa. Tuliwaweka kwenye karatasi ya pembeni, watolewe wakiulizwa. Tangazo likiwataka, wanarudi. Uraibu wa kusoma na kutazama kandanda ulikwenda. Ile aya ya juu inayosema anatafuta nafasi yenye changamoto katika taasisi yenye sifa nayo ilikwenda, maana nimeisoma kwa watu wengi mno, na badala yake tukaandika sentensi mbili: yeye ni karani wa forodha, ana uzoefu wa mizigo gani, na anajua mifumo ipi. Ule mfumo wa zamani wa forodha, Simba, alioanza nao mwaka 2018, tulimtajia humo pamoja na iCMS, kwa kuwa aliyeipitia yote miwili ameonyesha anaweza kuhama mfumo bila kuanza upya.

Lilibaki pengo. Kazi yake ya kwanza iliisha mwaka 2019, na ya pili ilianza mwishoni mwa 2022. Tulioishi Mombasa miaka hiyo tunakumbuka: mwaka 2019 ilitoka amri kwamba mizigo ya Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya SGR na kutolewa huko huko, vituo vya kontena na ofisi za klearing hapa zikabaki tupu, na vijana wengi wakarudishwa nyumbani. Septemba 2022 serikali mpya ikaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Mpwa wangu alitaka kulificha pengo kwa kuongeza miaka kwenye kazi ya kwanza. Nilimkataza, tarehe za kazi ni kitu kinachoulizwa kwa simu moja tu. Isitoshe, miaka hiyo hakukaa bure, alikuwa Kongowea kwenye duka la baba yake la vifaa vya ujenzi. Tukaandika: "2019–2022: Msimamizi wa duka la familia, vifaa vya ujenzi, stoo, mauzo ya M-Pesa na hesabu za kila jioni." Mwajiri wa Mombasa akiona mwaka 2019 na neno klearing, hahitaji maelezo zaidi.

Karatasi ilikuwa A4, pembizo za sentimita 2, herufi za ukubwa wa 11. Alipojaribu kushusha hadi 9 ili arudishe semina mbili, nilimwambia afute semina. Meneja wangu husoma CV kwenye simu.

Ukurasa mmoja haufai kila mahali. Kazi za serikali na za kaunti mara nyingi huwa na fomu zao na orodha ya nyaraka zinazotakiwa. Huko jaza kila kitu kama walivyoagiza. Mhadhiri ana machapisho ya kuorodhesha, na baharia ana vyeti na rekodi za safari ambazo haziwezi kubanwa. Mtu mwenye miaka ishirini kazini naye atahitaji ukurasa wa pili. Nazungumza na mwenye kazi mbili tatu nyuma yake, anayetafuta ofisi, duka, ghala au hoteli.

Tuliihifadhi kama PDF, kwa sababu ile ya Word ikifunguliwa kwenye simu nyingine mistari huhama na ukurasa wa pili huzaliwa wenye maneno matatu. Jina la faili likawa jina lake na cheo anachoomba. Kabla ya kuituma aliifungua kwenye simu ya mamake, ambaye ni dada yangu, tuone kama inasomeka bila kukuza.

Aliitwa na ofisi moja ya klearing, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa la ubao: aliujuaje mwisho wa siku za bure wa kila kontena? Alieleza tarehe ya meli kushusha, hesabu ya siku, na nani alikuwa akimpigia simu kwa wakala wa meli. Kazi alipewa. Wiki hiyo hiyo alinipigia akiniuliza kama rafiki yake anayetafuta kazi ya mapokezi hoteli ya Nyali anaweza kuitumia CV ile ile kwa kubadilisha jina. Nikamwambia amlete na simu yake, tuhesabu wageni aliokuwa akiwapokea kwa zamu moja.