Migunga imekaa kwenye mstari, ndege wasubiri kwanza

Hatimaye sura ya migunga imekubali! Wikiendi hii nilipanga kuanza ndege, ila hili limenitesa mno, lazima niliandike.

Kitabu ninachotafsiri ni cha zamani, kimepanga mimea kwa alfabeti ya Kilatini, kwa hiyo migunga yote iko A, kwenye Acacia. Sasa kongamano la mimea la Vienna mwaka 2005 likaamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, Melbourne 2011 wakashikilia hapo hapo, na ya kwetu mingi ikahamia Vachellia na Senegalia. Ukisahihisha majina halafu ukapanga upya, mti unatoka A unaenda S au V, lakini namba ya picha inabaki inaelekeza kwa jirani. Kiswahili nacho hakikuokoi, maana kikwata ni Senegalia mellifera na ni Senegalia senegal vilevile. VLOOKUP ukiitafutia "kikwata" inakupa wa kwanza iliyemkuta halafu kimya, haikuambii chini kuna mwingine. Mimi kwa kazi hii Excel basi, nimehamia SQLite.

Kilichosaidia ni kuupa kila mti namba ya kudumu isiyotegemea jina lolote, halafu picha, maelezo, Kilatini kipya na cha zamani vyote vinashika hiyo namba. Majina ya kienyeji yana jedwali lake, jina moja mstari mmoja, na lugha yake pembeni: oltepesi, Kimaasai, namba ya Vachellia tortilis. Kikwata ina mistari miwili na hakuna ugomvi.

Ila namba haijui kama maelezo yenyewe ni ya mti huo, ndo nikakumbuka miiba! Senegalia miiba yake imepinda kama ndoana, Vachellia kwa kawaida ina miiba miwili miwili iliyonyooka. Nikauliza hivi:

```sql
SELECT namba, kilatini FROM mimea
WHERE kilatini LIKE 'Senegalia%'
AND maelezo LIKE '%iliyonyooka%';
```

Ikamtoa senegal. Kufungua, nakuta gome la njano na miiba mirefu iliyonyooka, yaani huyo ni Vachellia xanthophloea kabisa! Senegal miiba yake hukaa mitatu mitatu, miwili ya pembeni inaelekea juu, wa katikati umepinda chini. Nimerudisha kila mmoja kwake, raha niliyosikia sielezi.

Ukigeuza swali upande wa Vachellia, tortilis atatoka kila mara, mwache, yeye ana miiba ya aina zote mbili kwenye tawi moja. Na usijaribu kupima kwa maua, Senegalia nyingi maua ni ya mkia mrefu lakini brevispica anatoa ya duara.

Sasa sura ya ndege siianzi kwa kutafsiri tena, naanza na safu ya rangi ya shingo na kifua, na wa kwanza ni kunguru wetu wa hapa Dar: Corvus splendens shingo ya kijivu, Corvus albus kifua cheupe, na mtaani wote wanaitwa kunguru tu.