Taa mbili badala ya maandishi ya mwaka

Katika filamu yetu fupi ya mvuvi wa dagaa, tuliyoipigia Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, watazamaji wa majaribio walidhani mzee na kijana wa mbinu rejeshi ni watu wawili tofauti, ingawa miaka iliandikwa kwenye kioo. Niliyafuta maandishi, nikaupa kila wakati taa yake: karabai kwa zamani, taa ya betri kwa sasa. Kisha mvumo wa karabai ukaanza kusikika sekunde mbili kabla ya picha kubadilika, uso wa mzee ukiwa bado umejaa kioo, ili kumbukumbu ieleweke kuwa ni yake. Mvumo ulipokatika, tulikuwa tumerudi usoni pake. Kovu la kiganjani, ambalo kijana analipata baadaye, nililionyesha mapema kwenye kiganja cha mzee. Rangi ya kahawia, iliyozoeleka kuashiria zamani, sikuitumia, kwani jioni za ziwani tayari zina rangi hiyo.