Mistari Iliyokataa Kutulia: Nilivyotengeneza Karatasi ya Kazi ya Darasa la Kwanza

Mwalimu mwenzangu alinihakikishia kwamba mistari ya kuandikia haihitaji ujuzi wowote. Eti nishikilie tu kitufe cha kistari cha chini mpaka ukurasa ujae. Nilimtii, na kwa dakika chache nilijiona fundi. Kisha nikaongeza neno moja kwenye mstari wa kwanza, nao ukavunjika, kipande chake kikaangukia chini, na mistari yote iliyofuata ikasogea hadi wa mwisho ukakimbilia ukurasa wa pili. Nilifuta na kubonyeza upya jioni nzima, na nilichopata hatimaye kilifanana na uzio ulioegemewa na ng'ombe.

Dawa yake ilikuwa jedwali. Kila mstari wa kuandikia niliupa safu mlalo tatu: mbili za milimita 7, na ya tatu ya milimita 6 iliyoachwa tupu ili mikia ya herufi kama g na y ipate pa kuning'inia. Mipaka ya pembeni niliiondoa yote. Kimo cha safu lazima kiwekwe kuwa kamili, kwa maana ukichagua "angalau," safu hutanuka kufuata ukubwa wa herufi na vipimo vyako huharibika. Mstari wa katikati niliutia rangi ya kijivu hafifu, ukapendeza sana kwenye skrini, lakini mashine ya fotokopi ikaumeza wote. Sasa natumia nukta nyeusi.

Kwenye karatasi ya A4, mistari minne ya namna hiyo hula sentimita 8, na juu yake niliweka kisanduku cha mchoro chenye kimo cha sentimita 11. Mwanzoni niliandika: "Chora mnyama unayempenda kisha uandike sentensi mbili kumhusu." Watoto kadhaa waliandika ndani ya kisanduku, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa amri zote mbili zilikaa pamoja juu ya ukurasa. Nikazitenganisha: "Chora mnyama mmoja" juu ya kisanduku, na "Andika sentensi mbili" juu ya mistari, kila moja ikiwa na kitenzi kimoja tu.

Hila ninayojivunia, ingawa walimu wenzangu waliicheka, ni kuijaza karatasi mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ambao siuzoei, nikitumia penseli butu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nafasi ya jina niliyoiona pana haikutosha hata jina langu la kwanza. Niliirefusha kabla ya kurudufu nakala za darasa zima.

Kati ya kisanduku na maelekezo ya pili niliacha sentimita moja. Mtoto mmoja alichora paka ambaye mkia wake ulitoka nje ya kisanduku, ukajikunja katika nafasi hiyo, na sentensi zake mbili zikabaki zinasomeka.