Tulivyovuka Bunagana 2022, na karatasi ya mtoto wa dada

Tulivuka kutoka Kongo kuingia Uganda mwezi wa sita 2022, wiki ile mji wa mpakani wa Bunagana ulipochukuliwa na waasi wa M23, mimi na watoto wangu watatu na Junior, miaka tisa, mtoto wa dada yangu, maana dada alikuwa ameenda Rutshuru na simu yake ikawa haipatikani. Mpakani hatukuulizwa viza wala pasipoti. Wakongomani waliokimbia vita hapa Uganda wanapokelewa kwa kundi, yaani huanzi kuthibitisha kwamba wewe binafsi ulitafutwa uuawe, inatosha ujulikane umetoka kule. Ila mwenye silaha huyo hahesabiwi mkimbizi mpaka waone ameacha kabisa mambo ya jeshi, jirani yetu mmoja aliyekuwa mwanajeshi alitolewa pembeni akahojiwa peke yake.

Nyakabande, pale Kisoro, tulipata chakula cha kupikwa na pa kulala tu. Wengi walikataa kupanda basi la kwenda kambi ya Nakivale, shamba lipo hapo ng'ambo unaliona, unasema kesho nitarudi nikavune. Mimi pia nilikaa wiki mbili hivyo hivyo. Sasa jamani, pale ni pa kupita, usajili wenyewe wa familia, vidole na picha, tulifanyiwa Nakivale, na bila huo huna atestesheni, ile karatasi ya familia ya ukimbizi, na bila atestesheni hugawiwi kiwanja wala huingii kwenye listi ya chakula.

Siku ya kusajiliwa nilitaka niseme Junior nimemzaa mimi. Kwetu mtoto wa dada ni wako, na niliogopa wangemchukua. Mama mmoja kwenye foleni akaninong'oneza, dada, sema ukweli, ukiandika ni wako siku mama yake akija atamdai kwa karatasi gani? Nikasema ukweli. Hawakumchukua, waliandika mtoto yuko na mamake mdogo, ametengana na mzazi, wakamwandika kwenye karatasi yangu hiyo hiyo, wa ulinzi wa watoto wakawa wanakuja nyumbani kuangalia anakula, anasoma. Jina la dada na kijiji wakayachukua, na watu wa Msalaba Mwekundu nao wakayachukua kwa ajili ya kumtafuta.

Hiyo karatasi ndiyo imetufungulia mengine: watoto wameingia praimari ya serikali, kituo cha afya tunatibiwa kama wenyeji, na mimi nauza samaki Isingiro bila kuomba kibali cha kazi, sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Ukihamia Kampala unaruhusiwa pia, lakini chakula cha msaada hakikufuati, kiko kampi tu.

Dada alifika mwaka uliofuata, amepitia njia nyingine. Alipotaja jina la mtoto kwenye dirisha la usajili, likatoka na jina lake mwenyewe kama mama. Walituhoji wote watatu, kila mtu kivyake, Junior wakamuuliza yeye mwenyewe anataka kuishi na nani, halafu wakamtoa kwenye karatasi yangu wakamweka kwa mama yake.